Patografu moja, muhtasari wa namna tatu: uandike upi?

Mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka, mtoto yuko kifuani. Mezani imebaki patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, iliyojaa nukta, mikato ya X na viduara vya kichwa kinavyoshuka, na kando yake karatasi tupu inayosubiri muhtasari. Hapo ndipo mikono inapokuwa mizito. Kilichotokea tunakijua, ila kila mmoja wetu alifundishwa kukiandika kivyake. Mimi ni mkunga katika hospitali ya kaunti ndogo huku magharibi mwa Kenya, na katika wadi yetu nimeona namna tatu za kuandika muhtasari. Zote nimewahi kuzitumia. Nitaziweka ubavuni mwa uchungu mmoja uleule ili tofauti ionekane. Rekodi zetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini hapa nitaziandika jinsi tunavyozisimulia wakati wa kubadilishana zamu. Yale yanayoweza kumtambulisha mama nimeyabadilisha.

Usiku wenyewe

Mama ana miaka 21, mimba ya kwanza, wiki 39, kiwango cha damu gramu 11.4 kliniki. Amepokelewa saa nne usiku, yaani 22:00. Njia imefunguka sentimita 5, kichwa kiko tatu kwa tano juu ya nyonga, uchungu mara 3 kwa dakika kumi, mapigo ya moyo wa mtoto 140. Chupa ya uzazi imeshapasuka na maji ni safi. Fomu ya kupokelewa inasema maji yalitoka "saa kumi na moja", na juu ya patografu kumeandikwa 17:00. Iweke akilini hiyo saa kumi na moja.

Patografu yetu bado ni ile yenye mistari miwili, wa tahadhari na wa hatua, iliyotenganishwa kwa saa nne. Alama ya kwanza ya X ikawekwa juu ya mstari wa tahadhari, kwenye sentimita 5. Mstari huo unataka sentimita moja kila saa, kwa hiyo saa nane usiku (02:00) tulitarajia 9. Tukapata 7. Uchungu ulikuwa umepungua hadi mara 2 kwa dakika kumi, kila mmoja sekunde 25 hivi. Alama ikawa saa mbili kulia kwa mstari wa tahadhari.

Klinikal ofisa aliitwa. Kichwa hakikuwa kimebanwa, mtoto alikuwa sawa, tatizo lilikuwa nguvu ya uchungu. Saa 02:30 ikaanza dripu ya oksitosini, uniti 2.5 ndani ya mililita 500, matone 10 kwa dakika, ikipandishwa taratibu mpaka 30. Saa 05:00 sentimita 9, saa 06:00 njia imefunguka yote. Mstari wa hatua ungefikiwa 07:00, hivyo hatukuuvuka. Saa hiyohiyo ya 06:00 maji yalibadilika kidogo, yakawa na kinyesi chepesi cha mtoto. Saa 06:25 mapigo yakashuka hadi 104 baada ya uchungu. Dripu ikafungwa, mama akalazwa ubavu wa kushoto, na dakika kumi baadaye mapigo yakawa 132. Saa 06:50 akazaliwa mtoto wa kike, kwa njia ya kawaida.

Namna ya kwanza: masimulizi ya saa kwa saa

Hii ndiyo niliyofundishwa chuoni. Unachukua patografu unaisoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kila safu unaigeuza sentensi: "Saa 22:00 amepokelewa, sentimita 5, mapigo 140, presha 118/72. Saa 22:30 mapigo 138, uchungu mara 3. Saa 23:00 mapigo 142, uchungu mara 3..." Usiku wa mama huyu ulinipa ukurasa mzima na nusu ya mwingine.

Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachopotea. Siku mtoto akifa tumboni au mama akifariki, na kamati ya ukaguzi wa vifo ikakaa, masimulizi haya ndiyo yatakayoonyesha nani aliitwa saa ngapi na alifika saa ngapi. Patografu haina nafasi ya maelezo hayo.

Ubaya wake nilikuja kuuona nilipomtazama daktari akiusoma. Wagonjwa wetu wakizidiwa huenda Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, pale ambapo wazee wa huku bado wanapaita Rasha. Anayempokea mama kutoka kwenye ambulensi ana dakika tatu. Anatafuta mambo manne: uchungu ulichukua muda gani, damu kiasi gani, mtoto yukoje, mmeshampa nini. Kwenye masimulizi inabidi ayachimbue, na mengine hayamo kabisa. Muda wa hatua ya pili haumo. Kuna 06:00 na kuna 06:50, na yeye ndiye wa kutoa. Masimulizi hunakili patografu kwa maneno, na patografu yenyewe tayari imeambatanishwa.

Namna ya pili: visanduku

Hii inatokana na rejista ya uzazi, MOH 333, na kurasa za kujifungua kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Wadi nyingi zimeigeuza kuwa muhuri au karatasi ya kujaza: aina ya kuzaa, tarehe, saa, hali ya mama, kiasi cha damu, jinsia, uzito, Apga yaani alama za hali ya mtoto dakika ya kwanza na ya tano, hai au amekufa. Muhtasari wa mama wetu kwa namna hii ni mstari mmoja:

"Kuzaa kawaida, 06:50, kike, gramu 3150, Apga 6 na 9, kondo limekamilika, damu 300, mama na mtoto wako sawa."

Dakika mbili na umemaliza. Afisa wa rekodi anaupenda, maana mwisho wa mwezi anahesabu tu. Kama wadi ina mkunga mmoja na akina mama sita, sitamlaumu anayeishia hapa.

Ila usome tena. Mama aliyechelewa saa tatu nyuma ya mstari wa tahadhari, aliyewekewa dripu, ambaye mtoto wake alishtuka dakika 25 kabla ya kuzaliwa, ametoka kwenye kisanduku akiwa sawa na yule aliyefika amefunguka yote akazaa baada ya nusu saa. "Wako sawa" ndiyo maneno ninayoyaogopa kuliko yote katika kazi hii. Na ile damu 300 ni ya kukisia kwa jicho. Nitairudia.

Namna ya tatu: mistari sita ya kutoa

Naiita ya kutoa kwa sababu kila mstari unakulazimisha kufanya hesabu ya kutoa: saa ya mwisho toa saa ya mwanzo, uzito wa mvua toa uzito wa kavu, dakika ya tano toa dakika ya kwanza. Hainakili vipimo. Inachukua tofauti kati yao, kisha inaeleza tulichofanya kwa sababu ya tofauti hiyo. Muhtasari wa mama wetu ulitoka hivi:

"1. Miaka 21, mimba ya kwanza, wiki 39. Chupa ilipasuka saa 25 na dakika 50 kabla ya kuzaa.
2. Hatua ya kwanza, tangu alipopokelewa na sentimita 5: saa 8. Alichelewa kuanzia 02:00 kwa uchungu dhaifu. Oksitosini tangu 02:30. Alimaliza saa 3 kulia kwa mstari wa tahadhari, hakuvuka wa hatua. Hatua ya pili dakika 50, ya tatu dakika 12.
3. Mapigo ya mtoto 138–148 usiku kucha. 104 saa 06:25, yakarudi 132 baada ya dripu kufungwa. Kinyesi chepesi kwenye maji tangu 06:00.
4. Kuzaa kawaida 06:50. Oksitosini uniti 10 msulini 06:51. Kondo 07:02, limekamilika. Mchaniko wa daraja la pili, umeshonwa.
5. Damu mililita 540, imepimwa. Mshipa ulifika 112, presha 100/60. Ametibiwa kuanzia 07:10, imekoma 07:40.
6. Mtoto wa kike, gramu 3150, Apga 6 na 9. Amesaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa sekunde 40. Amenyonya 07:45. Joto 36.7. Aangaliwe maambukizi."

Inachukua kama dakika nane ukishaizoea. Nitaizungumzia mistari mitatu tu, ile ambayo namna zote tatu huachana njia: damu, mtoto, na ule wa kwanza.

Damu: mia tatu ya jicho na mia tano arobaini ya mizani

Mwenzangu aliyekuwa nami ni mkunga wa miaka mingi, na nikimuuliza huwa anapatia. Asubuhi ile alitazama kitandani akasema, "Andika mia tatu." Sikuandika, kwa sababu tulikuwa tumetandika chini ya mama shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo. Mfuko ulisoma 390. Shashi na pedi zilizoloa zilikuwa gramu 210 mizanini. Idadi ileile zikiwa kavu ni gramu 60. Gramu 150 za tofauti unazihesabu kama mililita 150. Jumla 540.

Kwa mama aliyezaa kwa njia ya kawaida, mililita 500 ndiyo mpaka wa kuitwa kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Kwa hiyo kati ya 300 na 540 mama anabadilika jina. Kwenye kisanduku ni mzazi wa kawaida. Kwenye mstari wa tano ni mama aliyevuja damu akatibiwa: tumbo likasuguliwa, kibofu kikamwagwa, dripu ya oksitosini, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kwenye mshipa, na mchaniko ukatafutwa. Kesho yake damu yake ilikuwa gramu 9.8. Muuguzi atakayemwona kliniki wiki ya sita akisoma "300, yuko sawa" hatashangaa kumwona amechoka. Atasema ni mtoto mchanga anamnyima usingizi.

Jicho hudanganywa na mambo ya kawaida kabisa. Shuka hunyonya, shashi hujificha chini ya paja, na damu ikichanganyika na mkojo au maji ya uzazi huwezi kuitenga. Na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo tunavyozidi kuipunguza kwa makisio. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na kufanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliunganisha mfuko wa kupimia na tiba zote kutolewa kwa pamoja mara moja. Idadi ya akina mama waliofikia kutokwa na damu lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa ajili ya damu au kufa kwayo ilipungua kwa asilimia 60.

Mfuko nao una mipaka yake. Ukiutandika kabla mtoto hajatoka, maji ya uzazi yanaingia na unampa mama damu asiyoitoa. Utandike mara tu mtoto anapozaliwa. Na pale wodini pasipo na mfuko wala mizani, andika namba pamoja na neno "kwa makisio", kisha weka mapigo ya mshipa na presha kando yake. Mshipa wa 112 kando ya damu "300" unatosha kumwamsha msomaji. Neno hilo moja, imepimwa au imekisiwa, ndilo ninalolitafuta kwanza nikipokea karatasi ya mwenzangu.

Mtoto: kilichotokea kati ya dakika ya kwanza na ya tano

Apga 6 na 9 inapendeza, inapanda. Lakini haisemi kama ilipanda yenyewe au ilipandishwa. Mtoto huyu moyo ulikuwa zaidi ya 100 tangu mwanzo, akapata 2. Pumzi ilikuwa ya kukatika, misuli ililegea kiasi, akijibu kidogo tu akiguswa, mikono na miguu bluu: moja moja kila mahali. Ndiyo 6. Alikaushwa, akasuguliwa mgongo, pumzi haikukaa sawa, na kabla dakika ya kwanza haijaisha barakoa ilikuwa usoni. Baada ya sekunde 40 akalia.

Kwa daktari wa watoto, "6 na 9" na "6 na 9, amesaidiwa kupumua sekunde 40" ni watoto wawili tofauti. Wa pili ataangaliwa anavyonyonya, atapimwa joto na pumzi mara kwa mara, na akianza kutetemeka au kulegea siku ya pili kuna pa kuanzia kufikiri. Masimulizi ya namna ya kwanza yangelitaja, nikiri, ila ningelitaja kwenye mstari wa thelathini. Visanduku vingelimeza.

Jambo dogo linaloniudhi: Apga ya dakika ya kwanza huandikwa na mtu aliyekuwa ameshika barakoa, nusu saa baadaye, kwa kukumbuka. Sasa mwenzangu hutamka saa kwa sauti na mimi huandika kwenye kiganja cha glavu. Si uzuri wa kitaaluma, lakini namba inakuwa ya kweli.

Mtoto akizaliwa amekufa, mstari wa sita hauandikwi "amefariki" peke yake. Ngozi imeanza kubambuka au bado nzima? Moyo ulisikika mara ya mwisho saa ngapi? Mtoto mwenye ngozi nzima ambaye moyo wake ulisikika alipopokelewa amefia mikononi mwetu, ndani ya saa za patografu. Namna mbili za kwanza zinaweza kulipita hilo bila kukusudia.

Ile saa kumi na moja

Nilipoanza kuandika mstari wa kwanza nilihitaji namba: saa ngapi tangu chupa kupasuka. Patografu ilisema 17:00, nikatoa, nikapata saa 13 na dakika 50. Sawa tu. Lakini fomu ilisema "saa kumi na moja" bila alfajiri wala jioni, na mtu aliyejaza patografu alikuwa amechagua jioni kwa sababu ndiyo iliyomjia.

Nikaenda kwa mama mkwe wake, aliyekuwa kwenye benchi nje na chupa ya chai.

"Mama, shikamoo. Maji ya huyu mtoto wetu yalitoka jana saa kumi na moja ya lini?"

"Marahaba. Ya alfajiri, sista. Kuku walikuwa bado hawajafunguliwa."

Saa 05:00, basi. Saa 25 na dakika 50. Chupa ikipita saa 18 tangu kupasuka, hatari ya maambukizi kwa mtoto na mama inapanda. Mama alipaswa kupewa antibayotiki wakati wa uchungu; hakupewa, kwa kuwa sote tuliamini 17:00. Kosa hilo ni letu, na liko kwenye karatasi.

Kiswahili chetu kinahesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na fomu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mwingine angeweza kuandika 11:00 kabisa, akapata saa 19 na dakika 50. Masimulizi yangenakili "saa kumi na moja" na kuendelea. Kisanduku kingewekwa tiki: imepasuka. Mstari unaotaka muda, badala ya saa, ndio ulionipeleka kwenye benchi.

Uchague upi, na wapi

Rejista ya MOH 333 ijaze kwa visanduku, haina njia nyingine, lakini ijaze baada ya mistari sita, usiitangulize. Ukitanguliza kisanduku, "300" inajikita na huwezi kuing'oa. Masimulizi ya saa kwa saa yaweke kwa mama au mtoto aliyefariki, au aliyepasuliwa kwa dharura, na hata hapo tanguliza mistari sita juu yake. Kwa rufaa, kwa kijitabu cha mama, na kwa kubadilishana zamu, mimi naandika mistari sita.

Mistari sita nayo ina udhaifu. Inategemea patografu iliyojazwa wakati uleule. Kama nukta zote za mapigo ziko 140 na kalamu ni ileile kutoka 22:00 hadi 06:00, imejazwa asubuhi, na hesabu yako ya kutoa itatoa uongo uliopangwa vizuri. Pia saa 8 za hatua ya kwanza zinaanza alipoingia getini. Uchungu wa nyumbani haumo, ndiyo maana niliandika "tangu alipopokelewa".

Kama wadi yako imeshahamia kwenye mwongozo wa matunzo ya uchungu wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, ule usio na mstari wa tahadhari wala wa hatua, mstari wa pili utabadilika. Pale hatua hai inaanza sentimita 5, na kila sentimita ina muda wake wa kuvumiliwa: saa 6 kwenye 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7. Mama wetu saa 02:00 asingekuwa amechelewa kwa njia kufunguka. Uchungu mara 2 kwa dakika kumi ndio ungezungushiwa duara. Usiandike "kulia kwa mstari" kwenye karatasi isiyo na mstari. Andika kilichozungushiwa duara na mlichoamua.

Mtoto alibaki nasi siku mbili, tukimpima joto na pumzi. Halikupanda. Mama aliondoka na vidonge vya chuma na kijitabu chenye mistari sita imebandikwa ukurasa wa kujifungua, na juu ya patografu yake 17:00 ilikuwa imekatwa kwa wino, 05:00 ikaandikwa juu yake pamoja na sahihi yangu.